Mununga: Mayai 300 ya harusi bila kiini cha kijani

MUNUNGA, Zambia. Kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, na ufuo huu ambao siku nyingine hunuka samaki hubaki na nyavu zilizoanikwa. Harusi hazifungwi. Mwenye shughuli ya miezi hiyo, akikosa pale wabichi na kuona chisense mkavu umepanda bei, hugeukia kuku, maharage au mayai. Kuku wa kulisha watu 280 ni pesa nyingi. Mayai yanahesabika: trei moja ina mayai 30, trei kumi zina 300, na kila mgeni anapata lake zima bila kuulizana nani alipewa shingo na nani alipewa paja.

Kwa Kibemba mayai ni amani. Msafiri wa Kiswahili aliyevuka kutoka Kilwa au Pweto, upande wa Kongo, akisikia muuzaji wa sokoni anatangaza amani, hucheka kwanza kabla ya kuuliza bei.

Kicheko huisha chakula kinapofika mezani. Mara nyingi yai la harusi huwa limechemshwa mpaka ute wake umekuwa kama mpira wa kandambili, kiini kimekauka na kusagika mdomoni kama unga, na kimezungukwa na duara la rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu. Likipasuliwa linatoa harufu ya baruti. Mgeni huamini amepewa yai bovu, hulisukuma kando ya sahani, na sifa ya mpishi huondoka nalo. Kumbe yai lilikuwa zima kabisa. Lilipikwa kupita kiasi tu, na aliyelipika alikuwa na sababu yake: aliogopa kuwapa watu mayai mabichi.

Makala haya ni kwa ajili ya huyo mpishi, na kwa ajili ya mfanyabiashara anayemletea mayai, kwa sababu nusu ya kazi huanza kabla mayai hayajafika jikoni.

Kwa nini sufuria moja kubwa haifai

Njia iliyozoeleka ni kulijaza sufuria kubwa mayai yote, kumwaga maji ya baridi mpaka yafunikwe, kuchochea kuni, na yakishachemka kuyaacha nusu saa "yaive kabisa." Kwa mayai sita nyumbani kosa hili halionekani sana. Kwa mayai 300 linaharibu kila kitu, kwa sababu hakuna anayejua mayai yalianza kuiva saa ngapi. Maji mengi namna hiyo yanaweza kuchukua saa nzima kufika kwenye kuchemka. Mayai ya chini yanayogusa bati la sufuria yameshaiva wakati ya juu bado ni vuguvugu. Mpishi anangoja ya juu, na ya chini yanateketea.

Yai halihitaji moto mwingi kama tunavyodhani. Ute huanza kushikana kwenye nyuzi 62 hivi za joto, kiini hushikana kikifika karibu nyuzi 70, na ute wote huwa mgumu kwenye nyuzi 80. Baada ya hapo hakuna kinachobaki kuiva. Kinachoendelea ni kukaza: nyuzinyuzi za protini zinajibana na kuyakamua nje maji yaliyokuwa ndani yake. Ndiyo maana yai huweza kuwa ndani ya maji na bado likakauka.

Duara la kijani nalo lina maelezo yake. Ute una salfa, kiini kina madini ya chuma. Ute ukikaa motoni muda mrefu hutoa hewa ya salfa, ile yenye harufu mbaya, nayo husukumwa na joto kuelekea katikati ambako bado hakujapata moto sana. Ikikutana na chuma cha kiini hufanya rangi ile ya kijani. Haimdhuru mlaji, lakini ni ushahidi kwamba yai lilikaa kwenye joto kupita muda wake. Na hapa ndipo wengi hukosea: muda huo haukomi yai linapotolewa kwenye maji ya moto. Mayai 300 yaliyorundikwa kwenye beseni yakiwa ya moto huendelea kupikana yenyewe kwa yenyewe, na yale ya katikati ya rundo huwa kijani hata kama yalitolewa kwa wakati.

Kwa hiyo kazi yote inategemea mambo mawili: yaingie machache kwa pamoja kwenye maji ambayo tayari yanachemka, na yapozwe upesi mara yatokapo.

Hesabu ya maji na mayai

Tuchukue harusi yetu ya wageni 280 na mayai 300. Yale ishirini ya ziada ni ya nyufa na ya kupima. Mpishi ana sufuria ya lita 50, ameweka maji lita 30, na yanachemka kwa nguvu.

Ufuo wa Mweru uko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100 kama Dar es Salaam au Mombasa. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha kumfanya mpishi aliyezoea pwani aongeze dakika moja. Akivuka na kupanda hadi Lubumbashi, ambako ni juu zaidi, maji yatachemka kwenye nyuzi 96 na ataongeza kidogo tena.

Sasa, akiyatumbukiza mayai yote 300 ya joto la chumbani kwa mkupuo, yale maji ya nyuzi 97 yatavutwa chini mpaka karibu nyuzi 75, na moto wa kuni utahangaika muda mrefu kuyarudisha. Amerudi kwenye ugonjwa uleule wa kutojua saa. Akitumbukiza 75 tu, yaani trei mbili na nusu, maji yatashuka hadi kama nyuzi 90 na kurudi kuchemka ndani ya dakika chache moto ukiwa mzuri. Hapo saa ya simu inaweza kuaminiwa.

Mafungu manne ya mayai 75 yanatimiza 300. Nasisitiza yawe sawa. Kuna anayeanza na 90, 90, 90, kisha akamalizia na 30 yaliyobaki kwa dakika zilezile, na yale 30 yakatoka magumu kuliko mengine, kwa kuwa machache hayapozi maji na hivyo huiva mapema.

Yaingie na kutoka kwa pamoja, na hii ndiyo kazi ya kapu. Kapu la waya lenye mikono miwili ni bora; asiye nalo fundi wa mabati wa sokoni anaweza kumtengenezea kwa waya wa wavu wa kuku, ncha zikikunjwa nje zisitoboe maganda. Kuyatoa mayai 75 kwa kijiko, moja moja, kunachukua dakika nne au tano, na hizo zinatosha kulitenga yai zuri na yai baya. Gunia la vitunguu lililokwishatumika lisitumike. Rangi yake na uchafu wake ni wa sokoni.

Kapu lishushwe polepole. Mayai yakigongana ndani ya maji yanayotokota hupasuka, kwa hiyo moto mkali ni wa kurudisha maji kwenye kuchemka tu. Yakisharudi, kuni mbili zivutwe nje, maji yabaki yakitikisika taratibu. Kifuniko kiwekwe. Muda uhesabiwe tangu kapu liliposhuka: dakika 13 kwa mayai ya ukubwa wa kawaida wa trei. Mayai madogo ya kuku wa kienyeji hutaka dakika 10 au 11, na yasichanganywe kapu moja na ya kizungu.

Dakika ya 11, kabla ya kuamini saa, mpishi atoe yai moja, alichovye kwenye maji baridi kidogo, alikate katikati kwa upana. Anachotafuta ni kiini kilichoshikana chote, cha manjano iliyokolea, chenye doa dogo katikati lisilozidi punje ya hindi, lenye unyevu na rangi nzito zaidi. Doa hilo likiwa na ukubwa wa punje, kapu litoke mara moja, maana joto lililomo ndani ya yai litalimalizia. Kiini kikiwa bado kinateleza, ziongezwe dakika mbili na lipimwe yai jingine. Kiini kikiwa kimepauka na kusagika, fungu hilo limepita, na funzo litumike kwa fungu linalofuata. Ule mtindo wa kulizungusha yai juu ya meza hauwezi kumsaidia hapa. Unatofautisha yai bichi na lililoiva, lakini lililoiva na lililoungua yote huzunguka vizuri.

Maji ya kupozea, na hatari yake

Mayai 75 yakitoka kwenye sufuria yana joto la kutosha kuyapandisha maji ya lita 20 kutoka nyuzi 26 hadi zaidi ya 35. Beseni moja, basi, halitoshi. Ziwepo beseni mbili za lita 20. Kapu liingie la kwanza kwa dakika mbili, litikiswe kidogo ili maji yapite katikati, kisha liingie la pili likae dakika kumi. Fungu likiisha, maji ya beseni la kwanza yanamwagwa au yanaoshea vyombo, beseni la pili linakuwa la kwanza, na maji mapya yanajazwa kwenye lile tupu. Kwa mafungu manne ni madumu matano ya lita 20.

Ni maji yapi? Hapa mpishi wa kando ya ziwa asitazame mbali tu bali pia karibu. Mweru uko hatua chache, maji yake ni bure, na kijana wa kuchota yupo. Lakini ufuo huu, wa Zambia na wa Kongo, umewahi kupigwa na kipindupindu si mara moja. Ganda la yai lina vitundu vidogo visivyoonekana. Yai la moto likitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake hunywea, na kwa kunywea huvuta unyevu wa nje kupitia vitundu hivyo na kupitia kila ufa. Yai lililokuwa safi kuliko chakula chochote jikoni linaweza kuingiziwa maji ya ziwa dakika ileile lilipotoka motoni, na halitapikwa tena kwa moto wa kuua vijidudu.

Madumu matano hayo, kwa hiyo, yawe maji ya kunywa: yaliyotiwa klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, au yaliyochemshwa usiku uliotangulia na kuachwa yapoe yakiwa yamefunikwa. Yakilala kivulini usiku kucha asubuhi huwa ya baridi zaidi, nayo ni faida ya pili. Mikono itakayomenya ioshwe kwa sabuni, tena na tena. Menya inafanywa na watu wengi kwa pamoja wakiongea, na mmoja akitoka chooni bila kunawa amewagusa wageni wote.

Kumenya na kazi ya muuzaji

Wapo wanaotia chumvi nyingi kwenye maji wakiamini ganda litatoka kirahisi. Chumvi husaidia kidogo yai lenye ufa lisimwage ute mwingi, basi. Ganda hutoka kirahisi kwa sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni kuingizwa kwenye maji yanayochemka: ute wa nje hushikana ghafla kabla haujapata nafasi ya kugandamana na utando wa ganda. Lililoanza kwenye maji baridi hugandamana nao, na kumenya huondoka na vipande vya ute.

Ya pili ni umri. Yai lililotagwa jana humenyeka vibaya hata kwa mpishi hodari. Kadiri siku zinavyopita, hewa ya kaboni hutoka taratibu kupitia ganda, ute hubadilika na kuacha kushikamana na utando. Yai la wiki moja hadi siku kumi ndilo zuri la kuchemsha. Mfanyabiashara anayeleta trei Mununga kwa gari kutoka kusini, au anayevusha kwa boti kwenda Kilwa, aache basi kuona haya kwa mzigo uliokaa njiani siku kadhaa. Kwa harusi hiyo ni sifa, mradi mzigo ulikaa kivulini na haukulowa. Mayai ya jana amuuzie anayekaanga.

Asiyejua umri wa mayai aweke machache kwenye ndoo ya maji. Linalolala ubavu ni jipya. Linalosimama wima likigusa chini ni la siku nyingi kidogo, na ndilo la kuchemsha. Linaloelea atupe, asibishane nalo.

Barabara na mawimbi hupasua maganda kwa nyufa ambazo jicho halizioni. Dawa yake ni sikio: mayai mawili yagonganishwe taratibu sana karibu na sikio. Mazima hutoa mlio mkavu unaolia. Lenye ufa hutoa mlio mfu. Kazi hii kwa trei kumi haimalizi nusu saa, na mwenye mazoea huifanya huku anapiga soga. Yenye ufa yasiingie kapuni. Yakiwa yamepasuka mbele yako, yapasuliwe moja moja kwenye kikombe, yanuswe, kisha yakaangwe siku hiyohiyo mpaka yaive sawasawa. Lililofika likiwa limevuja na kukauka kwenye trei halifai kwa kitu chochote. Muuzaji na mnunuzi wakikubaliana kugonga mayai pamoja wakati wa kupokea mzigo, ugomvi wa nani alipasua unakwisha palepale, jambo ambalo kwenye biashara ya kuvuka mpaka si dogo.

Harusi huchelewa

Chakula kimepangwa saa 7 mchana. Kila fungu, pamoja na kuyarudisha maji kwenye kuchemka, linachukua kama dakika 25. Fungu la kwanza liingie saa 5 kasorobo, la mwisho litatoka saa 6 na robo, na wamenyaji wanne watakuwa wamemaliza kabla ya saa 7 kasorobo. Yai la kwanza kupoa litakuwa limengoja chini ya saa mbili, na saa mbili ndiyo mwisho wa yai lililochemshwa kukaa nje bila friji. Siku ya joto kali, la zaidi ya nyuzi 32, mwisho ni saa moja. Siku kama hiyo afadhali kuazima sufuria la pili na kupika mafungu mawili kwa wakati mmoja.

Lakini tuseme ukweli, ni harusi gani ya ukanda huu iliyokula saa iliyoandikwa kwenye kadi? Hapa watu husahau kwamba yai bichi na yai lililochemshwa hayana uvumilivu sawa. Yai bichi zima lina kinga yake, ndani ya ute na juu ya ganda, na hukaa kivulini siku nyingi. Kuchemsha kunaiua kinga ya ute na kuosha utando wa ganda. Lililochemshwa huharibika haraka kuliko bichi, kinyume kabisa na nyama na samaki, na ndiyo sababu watu hawaliogopi ipasavyo. Mpishi asifuate kadi, basi. Maji yachemke na kusubiri, kapu la kwanza lisishuke mpaka simu ipigwe kutoka kanisani kwamba maharusi wametoka. Maji yanayosubiri yanakula kuni tu.

Kuyapasha bila kuyapika mara ya pili

Yai lililomenywa likiachwa wazi kwenye sinia, upepo wa ziwa hulifanyia ngozi ngumu ya manjano kwa muda mfupi. Lifunikwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya kunywa na kukamuliwa, au liende moja kwa moja kwenye mchuzi. Mchuzi wa nyanya na vitunguu ndio unaokwenda vizuri na nshima, na hapa pia ndipo mayai yaliyopikwa vyema huharibiwa dakika za mwisho. Mpishi huyamimina kwenye mchuzi unaotokota, akafunika, akauacha juu ya mbaula, au mbabula kama wasemavyo ng'ambo, mpaka wageni wakae. Saa moja baadaye amerudisha kila kitu alichokuwa amekiepuka: ute wa mpira, harufu, duara la kijani.

Hesabu yenyewe inamwokoa. Mayai 280 yaliyomenywa yana uzito wa kilo 14 hivi. Mchuzi wa lita 20 ukiwa umeiva kabisa na unachemka, uondolewe motoni, ndipo mayai yaingie. Mchuzi utapoa, mayai yatapata moto, na yatakutana karibu na nyuzi 70. Hiyo ni joto la kuunguza ulimi, halilihitaji jiko. Lifunikwe, ling'oje dakika kumi, lianze kupakuliwa. Kama mstari wa wageni ni mrefu, sufuria iwekwe juu ya makaa machache yaliyofunikwa majivu, na mpishi aangalie uso wa mchuzi: mvuke unatakiwa, mapovu hayatakiwi. Anayependa mchuzi uingie ndani alichanje kila yai mara mbili kwa ncha ya kisu, bila kufika kwenye kiini.

Shule na mayai ya kuvuruga

Jiko la shule lina shida nyingine. Watoto hawangoji kumenyewa, na mayai ya kuvuruga na kukaanga yanaonekana rahisi: yapasue yote, koroga, mimina. Kwa wanafunzi 100 na mayai 150 kwenye sufuria moja, matokeo ni makombo makavu yanayoogelea kwenye maji ya rangi ya majani. Sababu ni ileile ya protini kujibana, ila hapa maji yaliyokamuliwa yanaonekana kwa macho.

Yakaangwe mafungu matano ya mayai 30, kwenye sufuria pana. Kwa kila fungu, kikombe kimoja cha maji au maziwa baridi kikorogewe vijiko vitatu au vinne vya chakula vya wanga, ndipo kichanganywe na mayai. Luapula ni nchi ya muhogo, na wanga wa muhogo uliochujwa na kukaushwa unafaa sana. Asiye nao atumie wanga laini wa mahindi wa dukani. Wanga hukaa katikati ya nyuzinyuzi za protini na kuzizuia zisibanane, kwa hiyo maji hubaki ndani. Ladha yake haisikiki kwa kipimo hicho. Nyanya na vitunguu vikaangwe kando mpaka maji yakauke, viingie mwisho.

Moto uwe wa wastani, mwiko ukwangue chini wakati wote, na sufuria itoke jikoni mayai yakiwa yameshikana lakini bado yanang'aa, kabla hujayaona makavu. Joto la sufuria litayamaliza yakiwa njiani. Ute wa majimaji usiwepo, hasa kwa watoto. Kung'aa na kuwa bichi ni vitu viwili tofauti, na mpishi atavitambua kwa kuinua mwiko: mayai yabaki juu yake kama rundo laini, yasidondoke kama uji. Kila fungu liliwe ndani ya robo saa, wanafunzi wakija kwa zamu za darasa, na fungu linalofuata lianze wakati wa zamu ya kwanza wanakaa. Kuyarundika mafungu yote matano juu ya moto mpaka kengele ilie kunalitengeneza tena duara la kijani, safari hii likiwa limeenea sahani nzima.

Yatakayobaki harusini ndani ya mchuzi yasifungwe kwenye mfuko kuvuka na boti ya jioni kwenda Kilwa. Yaliwe palepale, au yawekwe kwenye friji kama lipo la karibu. Kama fungu la nne halikuhitajika kwa sababu wageni walipungua, mayai yake 75 bado ni mabichi, yarudishwe kwenye trei kivulini, na mwenye duka aliyeyauza pengine atakubali kuyachukua tena yakigongwa sikioni mbele yake.